Bei ya Shelfuni 3,500, Bei ya Keshia 3,800: Mdada wa Nyegezi Aliyeandika Barua Hakuwa na Kisirani

Wadau, kuna mdada mmoja wa Nyegezi, kule upande wa kona kabla hujafika stendi, wiki nzima kasemwa vibaya. Kaitwa mbahili, kaitwa mtu wa kisirani, kaitwa mama wa kesi. Kosa lake ni moja tu: kamwandikia barua meneja wa supamaketi akidai shilingi 17,000 zake. Mtaani watu wanacheka. "Elfu kumi na saba ndio unaandikia barua yenye YAH?"

Basi kaeni vizuri muisikie hadithi yenyewe, halafu mcheke mkiweza.

Mdada huyu alikuwa mweka hazina wa kamati ya kitchen party ya mdogo wake rafiki yake. Anayejua kamati za Mwanza anajua hicho cheo ni moto. Michango ni ya watu, macho ni ya watu, na midomo nayo ni ya watu. Siku ya Jumatano akapita supamaketi akiwa na simu, akapiga picha vibandiko vya bei kimoja kimoja, akatupia kwenye grupu la WhatsApp la kamati. Juisi ya boksi ya lita moja 3,500. Maji katoni 5,500. Mafuta ya kula ya lita tano 32,000. Sahani za karatasi pakiti 2,500. Biskuti pakiti 1,500. Akapiga hesabu: juisi 24, maji katoni 10, mafuta ndoo mbili, sahani pakiti 12, biskuti pakiti 30. Jumla 278,000. Kamati ikamkabidhi 280,000, elfu mbili ya juu ikawa ya boda.

Ijumaa jioni akaenda kununua. Supamaketi imejaa, foleni inafika kwenye friji za maziwa, toroli zinagongana. Keshia akapitisha bidhaa, mashine ikalia weee, mwisho kioo kikasema 295,000. Mdada akashtuka. Nyuma yake kuna baba kabeba mtoto analia, kuna wanachuo wawili wana soda zao mkononi, na kuna mama mmoja keshaanza: "Dada songa basi, wengine tumeacha jiko." Akatoa 15,000 kwenye pochi yake, akalipa, akasogea pembeni.

Huko pembeni ndipo akaisoma risiti. Maji sawa, biskuti sawa. Juisi imeandikwa 3,800. Mafuta 34,500. Sahani 2,900.

Piga hesabu naye. Juisi imezidi 300 mara 24, hiyo ni 7,200. Mafuta yamezidi 2,500 mara ndoo mbili, hiyo ni 5,000. Sahani zimezidi 400 mara 12, hiyo ni 4,800. Jumla 17,000 kamili. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kompyuta ilijumlisha vizuri sana, ila ilijumlisha bei ambazo hazikuandikwa popote mteja anapoweza kuziona.

Akamrudia keshia. Keshia, binti mdogo wa watu, akamjibu jibu ambalo kila mtu anayenunua mjini kashalisikia: "Dada, bei ya kompyuta ndio bei. Hiyo ya kule ni ya zamani."

Na Jumamosi, sherehe ikiwa imenoga, risiti ikatupiwa kwenye grupu. Mjumbe mmoja, shemeji mtu, akaandika maneno tisa tu: "Mbona bei zilipanda njiani kati ya Jumatano na Ijumaa?" Akaweka na kile kikatuni cha macho mawili.

Mnaona sasa? Shilingi 17,000 si ya juisi tena hapo. Mwanamke aliyeaminiwa pesa za watu keshatiliwa shaka mbele ya watu arobaini, na aliyemtia shakani ni kibandiko cha karatasi chenye ukubwa wa kidole gumba.

Tuanze na hilo la "bei ya kompyuta ndio bei", maana hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Watu wanadhani ile mistari myeusi kwenye bidhaa, barkodi, imebeba bei ndani yake. Haijabeba. Ile mistari ina namba tu, kwa kawaida tarakimu 13, inayosema hii ni bidhaa gani. Namba zilizotolewa hapa Tanzania zinaanza na 620, za Kenya 616. Bei haimo. (Bidhaa za kupimwa dukani, kama nyama na jibini, ni habari nyingine, stika yake huweza kubeba uzito au bei.) Keshia akipitisha boksi la juisi, mashine inasoma namba, inaenda kuuliza kwenye orodha ya bei iliyoko kwenye kompyuta ya ofisini, inarudi na jibu. Kwa hiyo dukani kuna bei mbili zinazoishi sehemu mbili: moja kwenye orodha ya kompyuta, nyingine kwenye kibandiko cha shelfuni. Hazina kamba inayoziunganisha. Kinachoziunganisha ni binadamu mmoja mwenye jukumu la kuchapa kibandiko kipya, kutembea hadi kwenye shelfu, kung'oa cha zamani na kuweka kipya.

Ya kompyuta inabadilika kwa kubofya mara moja, kaunta zote zinajua palepale. Ya shelfuni inamsubiri yule kijana. Na yule kijana ndiye huyohuyo anayepanga sabuni, anayeshusha mzigo, anayetumwa kufuta mafuta yaliyomwagika. Akichelewa siku mbili, siku mbili zote wateja wanasoma bei moja na kulipa nyingine.

Meneja atasema, "ni bahati mbaya, binadamu tunakosea." Sawa, lakini hebu angalia bahati mbaya hiyo inaelekea wapi. Bei za vitu zinapanda mara nyingi kuliko zinavyoshuka, hilo hata mtoto wa darasa la tatu anayetumwa dukani analijua. Kibandiko kilichochelewa ni kibandiko cha bei ya zamani, na bei ya zamani ni ya chini. Maana yake kila kijana anapochelewa, anayeumia ni mteja na anayefaidika ni duka. Kosa la kweli lingeangukia pande zote mbili. Hili linaangukia upande mmoja, halafu linaitwa bahati mbaya.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka Dar. Ni mpangilio tu. Bei ikipanda, badilisha kibandiko kwanza, kompyuta baadaye. Bei ikishuka, badilisha kompyuta kwanza, kibandiko baadaye. Ukifanya hivyo, hata kijana akichelewa, mteja hatalipa zaidi ya alichosoma. Kazi yote ifanyike asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, sio saa kumi jioni watu wakiwa na toroli mkononi. Duka linalofanya kinyume chake limeshaamua nani abebe gharama ya uzembe wake.

Sasa turudi kwa mdada, kwa sababu alichokifanya baada ya keshia kumjibu ndicho kilichomwokoa, na wengi hawakifanyi.

Hakupiga kelele. Alijua keshia hana uwezo wa kubadili bei. Akitaka kupunguza hata jero lazima amwite supavaiza mwenye funguo au namba ya siri. Kumfokea yule binti ni kumwonea, maana pesa ikipungua kwenye droo yake jioni, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Akageuka na risiti mkononi akarudi kwenye shelfu. Mlinzi wa mlangoni, yule wa kupiga mhuri risiti, akamwambia, "Mama ukishalipa hurudi ndani." Akamwachia mzigo wote hapo hapo, akaingia mikono mitupu. Vibandiko vyote vitatu vilikuwa bado vipo vilevile. Akavipiga picha upya, kila kibandiko pamoja na bidhaa iliyo juu yake, na kwenye picha moja akaiweka risiti pembeni. Risiti inasoma 17:42. Picha ya kwanza simu inasema 17:51.

Kwa nini upya, wakati picha za Jumatano zilikuwepo? Hapa ndipo penye akili. Picha za Jumatano hazimfungi mtu Ijumaa. Duka lina haki ya kupandisha bei Alhamisi, na meneja angemjibu hivyo kwa sentensi moja na kesi ingeishia hapo. Picha ya dakika tisa baada ya malipo haina jibu. Inasema: mlipokuwa mnanichaji 3,800, mlikuwa mnaniambia 3,500.

Akakagua na mengine mawili kabla hajaanza kulalamika. La kwanza, kama kibandiko ni cha bidhaa hiyo kweli. Wateja hulogwa hapa: juisi ya embe imepangwa juu ya kibandiko cha juisi ya nanasi, au boksi la lita moja limesukumwa kwenye nafasi ya lile dogo. Kwenye vibandiko vingi kuna jina la bidhaa, ujazo, na namba ya barkodi kwa herufi ndogo chini. Unalinganisha tarakimu nne au tano za mwisho na za kwenye boksi. Zikilingana, huna la kujitetea wewe duka. Zisipolingana, mteja umekosea shelfu, lipa uende. Za mdada zililingana zote tatu.

La pili, kama kibandiko ni cha ofa iliyokwisha. Vya ofa huwa vina rangi tofauti na tarehe ya mwisho. Hivi vilikuwa vyeupe vya kawaida, havina tarehe ya kuisha.

Jumapili mumewe akamwambia aachane nayo. Rafiki zake wakamwambia aachane nayo. Jumatatu asubuhi akaandika barua, akaitoa nakala mbili, akaipeleka kwa mkono. Moja akaiacha, nyingine akagongewa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Huo mhuri ni muhimu kuliko maneno yote makali duniani, maana barua isiyo na mhuri "haijafika", na meneja "alikuwa safari".

Barua yenyewe hii hapa, majina yameondolewa:

"Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA SHILINGI 17,000 NA KUREKEBISHA BEI ZA SHELFUNI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Siku ya Ijumaa saa 11:42 jioni nilinunua bidhaa dukani kwako kwa jumla ya shilingi 295,000. Nakala ya risiti nimeambatanisha. Bidhaa tatu kati ya tano nimetozwa bei kubwa kuliko iliyoandikwa shelfuni siku hiyohiyo: juisi ya lita moja shelfuni 3,500, nimetozwa 3,800, maboksi 24, mafuta ya lita tano shelfuni 32,000, nimetozwa 34,500, ndoo mbili, sahani za karatasi shelfuni 2,500, nimetozwa 2,900, pakiti 12. Tofauti ni shilingi 17,000.

Picha za vibandiko nilizipiga dakika tisa baada ya kulipa. Namba za barkodi kwenye vibandiko na kwenye bidhaa ni zilezile.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nirejeshewe shilingi 17,000 pamoja na hati ya marekebisho ya risiti, kwa kuwa fedha hizi si zangu, ni za kamati, na natakiwa kuzitolea hesabu. Pili, vibandiko vya bidhaa hizo tatu virekebishwe ili mteja mwingine asome bei atakayolipa.

Simlalamikii keshia. Alinihudumia vizuri na hakuwa na uwezo wa kubadili bei.

Naomba majibu ndani ya siku saba.

Wako mteja."

Basi. Hakuna tusi, hakuna "nitawafungia duka", hakuna "mnanijua mimi ni nani". Kuna kiasi, tarehe, saa, vitu vitatu, ombi lenye mwisho, na mstari unaomkinga keshia. Meneja akiisoma hana pa kujificha zaidi ya kubishana na picha.

Na alijaribu kujificha. Jumanne alimpigia simu akamwambia mambo matatu, na yote matatu wateja huambiwa kila siku, kwa hiyo tuyatazame moja moja.

Alisema, "Dada, hiyo ni VAT." Kodi hiyo kwa kawaida ni asilimia 18. Kama tofauti ingekuwa VAT, juisi ya 3,500 ingekuja 4,130 kwa keshia, sio 3,800. Sahani za 2,500 zingekuja 2,950, sio 2,900. Juisi ilipanda kama asilimia 9 hivi, sahani 16, biskuti sifuri. Kodi gani hiyo inayochagua wa kumpiga? Mteja ukiambiwa ni VAT, toa simu, zidisha bei ya shelfuni kwa 1.18, angalia kama inafika. Isipofika, umedanganywa au anayekwambia hajui anachosema.

Akasema, "Mashine ya TRA haifuti risiti." Hapo alisema nusu ya ukweli. Risiti ya EFD ikishatoka haifutiki, na ni vizuri isifutike. Lakini kutofutika kwa risiti hakuzuii kurudisha pesa. Duka linatoa hati ya marekebisho, wahasibu wanaiita krediti noti, inayosema risiti namba fulani imepungua kwa kiasi fulani. Risiti ya kwanza inabaki, hati inaambatana nayo, vitabu vinakaa sawa. Ndio maana mdada aliiomba kwa jina kwenye barua. Na ndio maana ule wimbo wa TRA wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" unamhusu mteja kuliko anavyodhani: bila ile karatasi, mdada angekuwa na picha za vibandiko tu na maneno mdomoni.

Mwisho akasema, "Bei ya shelfuni sio mkataba." Na hapa wadau lazima haki itendeke, huyu meneja aligusa jambo la kweli. Katika sheria za mikataba zilizorithiwa kwa Mwingereza, bidhaa kukaa shelfuni na bei yake ni mwaliko tu wa kununua. Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 1953, ya duka la dawa la Boots, iliyosema mauziano yanafanyika kaunta, sio pale unapochukua kitu shelfuni. Kwa hiyo ukigundua tofauti kabla hujalipa, duka linaweza kukwambia "kwa bei hiyo hatuuzi," na wewe unaacha mzigo unaondoka. Huwezi kumlazimisha.

Lakini meneja aliishia hapo kama mtu anayesoma nusu ya aya. Kutokulazimishwa kuuza ni jambo moja, kumtangazia mtu bei isiyo ya kweli ni jambo jingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa taarifa za uongo au za kupotosha kuhusu bei ya bidhaa. Anayeisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC, na Mwanza ina ofisi ya kanda. Sio TRA, hao ni wa kodi na risiti. Sio Wakala wa Vipimo, hao ni wa mizani na ujazo. Sio TBS, hao ni wa ubora. Watu wengi hupeleka malalamiko mlango usio wake, wakirudishwa wanasema serikali haisaidii.

Mdada hakuitaja FCC kwenye barua ya kwanza. Aliitaja kwenye simu, kwa sauti ya chini, baada ya lile neno la mkataba: "Kaka, sidai uniuzie kwa nguvu. Nadai ulichoniambia kiwe ndicho ulichonichaji. Kama wewe huoni hivyo, nitakwenda kuwauliza FCC kama wao wanaona." Simu ikatulia kidogo.

Alhamisi akaitwa. Akapewa 17,000 mkononi na hati yake, akasaini. Meneja akamwomba radhi, tena kwa adabu tu, kusema kweli. Mdada akapiga picha hati, akatupia kwenye grupu bila neno hata moja. Shemeji wa macho mawili akaisoma, tiki zikawa za bluu, akanyamaza kimya mpaka leo.

Sasa tuje kwenu mnaosema "elfu kumi na saba tu". Haya, tusiangalie 17,000. Tuangalie 300 ya boksi moja la juisi. Hiyo hakuna mtu atakayeiandikia barua, na duka linajua hivyo. Mwanachuo wa Malimbe anayenunua boksi moja haoni. Mama anayenunua mawili haoni. Anayeona ni mmoja tu aliyenunua 24 na kupigiwa kelele na kamati. Kwa kila huyo mmoja kuna wengine wengi waliopita siku ileile wakaacha mia tatu zao, mia nne zao, bila kusoma risiti, wengine wakaiacha risiti palepale kaunta. Ndogo yako, ikikusanywa, ni kubwa ya mwingine.

Halafu hebu jiulizeni. Sheli ya mafuta pale barabara ya Shinyanga ikiweka bei moja kwenye ule ubao mkubwa, halafu pampu ikasoma nyingine ya juu, mtakubali? Mtawasha moto! EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi, vituo vinalazimika kuweka bango la bei linaloonekana, na hakuna bodaboda hata mmoja Nyegezi anayekubali kuambiwa "bango ni la zamani kaka, bei ya pampu ndio bei." Kwa nini linalokataliwa kwenye petroli linakubalika kwenye juisi ya mtoto?

Walioko nje wataelewa haraka. Kanada wenye maduka walijiwekea utaratibu wao wenyewe tangu mwaka 2002: kwenye maduka yaliyojiunga, bidhaa ikisomeka juu ya bei ya shelfuni, na ni ya bei ndogo, mteja anapewa bure; ikiwa ya bei kubwa anapunguziwa kiasi kilichopangwa. Hawakufanya hivyo kwa sababu wana roho nzuri kuliko watu wa Mwanza. Walifanya kwa sababu ukimpa mteja sababu ya kusoma risiti, na kosa likawa linakuuma wewe, yule kijana wa vibandiko ghafla anapata muda wa kuvibadilisha. Hapa kwetu kosa linamuuma mteja peke yake, ndio maana vibandiko vinazeeka kama picha za harusi.

Kwa hiyo meneja wa Nyegezi, na mameneja wenzako kuanzia Mkolani mpaka Kirumba: mdada huyu hakukuaibisha. Alikufanyia ukaguzi bure, akakuletea ofisini na picha. Ungemlipa mtu wa nje afanye kazi hiyo ungetoa zaidi ya 17,000. Mteja wa hatari kwako si huyu anayeandika barua. Ni yule aliyeona, akanyamaza, akahamia duka la Mmangi wa pembeni ambako bei iko kichwani kwa muuzaji na unaambiwa kabla hujatoa pesa.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini Jumamosi iliyofuata mdada alipita tena pale kununua sabuni. Kwa mazoea ya macho akazunguka kwenye zile shelfu tatu. Juisi, kibandiko kipya, 3,800. Sahani, kibandiko kipya, 2,900.

Mafuta ya lita tano, kibandiko kilekile chenye kona iliyokunjika: 32,000.

Akatoa simu akakipiga picha. Barua ya pili imeshaandikwa, na safari hii ina mstari mpya chini kabisa, baada ya saini: "Nakala: Tume ya Ushindani, Mwanza."

Endeleeni kucheka.